Azimio moja, gunia moja: kuandika muhtasari wa AMCOS ambao kila mwanachama ataelewa

SWALI: "Mimi ni katibu wa mikutano wa AMCOS ya korosho, wilaya ya Newala. Wanachama wetu wengi waliishia darasa la nne na wazee wengine hawakusoma kabisa. Kila mwaka kabla ya msimu tunakaa mkutano mkuu, tunapitisha mauzo ya pamoja, marejesho ya mkopo na michango, nawasomea, wanaitikia 'ndiyo'. Malipo yakitoka, wanasema hawakukubali makato yale. Niandikeje muhtasari wangu waelewe, na afisa ushirika naye asiukatae?"

JIBU: Ndugu Katibu, fungua daftari la mihtasari kwenye mkutano wa mwisho kabla ya msimu, utafute azimio la makato. Nimesoma mihtasari ya vyama vya msingi kwa miaka mingi, na mara nyingi azimio hilo huwa limeandikwa namna hii:

"Mkutano uliazimia kwa kauli moja kuendelea na utaratibu wa makato ya kawaida ya uendeshaji, marejesho ya mikopo ya pembejeo, mchango wa ghala na mengineyo kama yatakavyopangwa na Bodi."

Hapo hakuna hata shilingi moja iliyotajwa. Mzee aliyekaa nyuma chini ya mwembe hakuwa na kitu cha kukubali wala kukataa, akaitikia kwa sababu wenzake wameitikia. Mwezi wa kumi na moja karatasi ya malipo ikamwonyesha laki tatu zimekatwa, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukutana na hesabu hiyo. Anaposema hakukubali, anasema kweli. Tena azimio kama hilo halikusaidii hata kwa msomi: mkaguzi wa COASCO akija hawezi kujua kama shilingi 50 kwa kilo ilipitishwa na wanachama au ilibuniwa ofisini.

Kwa hiyo kazi yako haianzii kwenye Kiswahili chepesi. Inaanzia kwenye kulivunja azimio hilo moja, maana ndani yake mna fedha za aina tatu ambazo hazina mmiliki mmoja. Kuna gharama za kuuza, ambazo kila mwenye korosho anazilipa kwa kilo. Kuna deni, ambalo analipa aliyekopa tu. Na kuna mchango, ambao wanachama wenyewe wanajipangia. Ukiziweka kwenye sentensi moja, asiyekopa anaamini amelipishwa deni la jirani, na aliyekopa anaamini chama kimeongeza riba. Kila moja iwe na namba yake ya azimio, ipigiwe kura peke yake, na isomwe peke yake.

Twende na mfano. Namba zote nitakazotumia ni za kufundishia, wewe utaweka zenu.

Tuanze na mauzo ya pamoja. Hapa ndipo makatibu wengi huandika maneno machache kuliko yanayohitajika, kwa sababu stakabadhi ghalani imezoeleka. Mfumo huu umekuwepo kwenye korosho tangu msimu wa 2007/08, na sheria yake ni ya 2005, basi kila mtu hudhani wote wanajua unavyokwenda. Wanachojua ni kwamba korosho zinapimwa, zinapelekwa ghala kuu, zinapigwa mnada, fedha zinaingia. Wasichokijua ni mambo mawili yanayowagombanisha: nani anakubali bei kwa niaba yao, na mtu analipwa bei ya mnada upi.

La pili ndilo chungu zaidi. Mnada wa kwanza korosho daraja la kwanza zimeuzwa shilingi 2,150, wa tatu zimeuzwa 1,980. Waliopeleka mapema na waliochelewa wanakutana dukani na kulinganisha. Kama muhtasari haukusema lolote, tofauti ile ya shilingi 170 inaitwa wizi wa viongozi. Andika hivi:

"Azimio la 1. Kila mwanachama ataleta korosho zake zote kwenye ghala la chama. Kila mmoja atalipwa bei ya mnada ambao mzigo wake uliuzwa. Aliyeuziwa mnada wa kwanza hatalipwa bei ya mnada wa pili, iwe imepanda au imeshuka. Karani atabandika ukutani, siku inayofuata mnada, bei iliyopatikana na namba za stakabadhi zilizouzwa."

Kuhusu nani anakubali bei, andika nafasi zao na mipaka yao: wawakilishi wawili, mmoja wa Bodi na mmoja mkulima asiye kiongozi, watahudhuria mnada na kusema kauli ya chama. Lakini usiwaandikie nguvu wasiyokuwa nayo. Korosho zenu zinauzwa pamoja na za vyama vingine chini ya chama kikuu, kwa hiyo AMCOS moja haiwezi kuuzuia mnada peke yake. Ukiandika "wawakilishi hawatakubali chini ya shilingi 2,000" halafu mnada ukafungwa kwa 1,900, umewatengenezea wanachama kesi dhidi ya watu wawili wasiokuwa na uwezo. Andika kwamba watatoa maoni ya chama ya kukataa bei ikiwa chini ya kiasi hicho, na kwamba uamuzi wa mnada unahusu vyama vyote vilivyopeleka mzigo.

Na kamwe bei inayotarajiwa isiingie ndani ya azimio. Mwenyekiti anaweza kusema kwa furaha kwamba mwaka huu tutapata 2,500, huo ni mdomo wake. Ukiuandika, umekuwa ahadi. Watu wa kusini hatuhitaji kukumbushwa yaliyotokea Liwale mwezi Aprili 2013, nyumba za viongozi zilipochomwa moto baada ya wakulima kuelezwa kuwa malipo yaliyobaki ya korosho yangekuwa pungufu ya walivyotegemea. Bei ukiihitaji kwa ajili ya mfano, andika juu yake "MFANO TU, SIYO BEI", na uyasome maneno hayo kwa sauti.

Sasa gharama za kuuza. Tuseme kwenye kilo moja kuna shilingi 50 za chama chenu, 25 za chama kikuu, 35 za usafiri hadi ghala kuu, na 20 za utunzaji katika ghala hilo. Jumla 130. Kabla hujaandika, jiulize ni zipi kati ya hizo ambazo mkutano wenu unaweza kuamua. Ni moja tu, ile 50. Nyingine zinaamuliwa kwingine: ya chama kikuu kwenye mkutano wake mkuu, usafiri kwenye mkataba wa msafirishaji, ya ghala kwa taratibu za maghala. Kwa hiyo ile 50 iandike kama azimio, zilizobaki ziandike kama taarifa: "Mkutano ulijulishwa kwamba..." Makatibu wengi wanazipigisha kura zote nne, kisha usafiri ukipanda kutoka 35 hadi 40 wanachama wanauliza kwa haki kabisa nani amebadili azimio lao.

Halafu zigeuze ziwe gunia. Mkulima wa korosho hafikirii kilo, na asilimia ndiyo kabisa haimwingii kichwani, hata wewe ukiamshwa usingizini ukaulizwa asilimia 3 ya laki tatu na elfu arobaini na nne utaomba kalamu. Anafikiri magunia. Gunia la kilo 80, chama chenu kinachukua shilingi 4,000, chama kikuu 2,000, usafiri 2,800, ghala kuu 1,600. Gunia zima linakatwa 10,400. Hiyo elfu kumi na mia nne ndiyo namba ambayo mama mwenye magunia mawili ataondoka nayo kichwani, akifika nyumbani atamwambia mume wake "elfu ishirini na mia nane zitakwenda kwenye gharama", na hatakosea. Muhtasari wako uonyeshe kilo na gunia, pamoja na tarakimu na maneno: "shilingi 4,000 (elfu nne) kwa kila gunia la kilo 80."

Gunia likipungua uzito ni kilo zinazohesabiwa, na hilo nalo liandike, maana kuna mtu atakuja na gunia la kilo 71 na kudai asikatwe kabisa.

Mkopo ndio wenye uzito kuliko yote, nao nitaupa nafasi yake. Tuseme chama kilikopa benki shilingi 25,000,000 kwa ajili ya salfa na viuatilifu vya maji, zikagawiwa wanachama 125, kila mmoja shilingi 200,000. Riba ya msimu 24,000 kwa kila mmoja. Kila mkopaji anadaiwa 224,000, na chama kinadaiwa na benki 28,000,000, mwisho wa kulipa tarehe 31 Januari.

Kuna madeni mawili hapo, na muhtasari mwingi unayachanganya. Deni la mwanachama kwa chama, mkutano unaweza kulipangia utaratibu. Deni la chama kwa benki liko kwenye mkataba, na mkutano wenu hata ukiinua mikono yote mia tatu hauwezi kusogeza tarehe 31 Januari hata siku moja. Wanachama wasipoelezwa tofauti hii watapitisha huruma kwenye mkutano, halafu benki itachukua fedha kwenye akaunti ya chama bila kuwauliza. Kwa hiyo azimio la mkopo lianze na sentensi mbili: chama kinadaiwa kiasi gani na mpaka lini, kisha mwanachama anakatwaje. Na kama ndiyo mkutano unaoidhinisha kukopa, kumbuka chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 chama hakikopi zaidi ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuridhiwa na Mrajis. Taja ukomo huo kwa tarakimu ndani ya muhtasari. Hapo ndipo afisa ushirika anapoangalia kwanza, kabla hajasoma kitu kingine chochote.

Sasa, mwanachama anakatwaje? Wenye mavuno mazuri hawana shida. Mwanachama aliyeleta magunia manane, kilo 640, kwa bei ya mfano ya 2,150, anastahili 1,376,000. Gharama 83,200 zinatoka, deni 224,000 linatoka, bado anabaki na zaidi ya milioni. Azimio lako lipime kwa yule wa magunia mawili. Kilo 160 ni shilingi 344,000. Toa gharama 20,800, zinabaki 323,200. Ukikata deni lote anabaki na 99,200, kabla ya mchango wowote, na watoto wanafungua shule Januari. Mtu huyu ndiye atakayeuza gunia la tatu kwa kangomba usiku, kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, ilimradi lisipite kwenye mizani ya chama. Naye akifanya hivyo deni lake linabaki palepale, na benki haijui habari za bakuli.

Vyama vingine hukata deni lote malipo ya kwanza, vingine hukata nusu ya kila malipo mpaka deni liishe. Mimi napendelea nusu, kwa masharti kwamba mkutano uambiwe bei yake. Kwa nusu, mtu wetu wa magunia mawili analipa 161,600, anabaki na 161,600 mkononi, na deni linabaki 62,400. Hizo 62,400 nani atazipeleka benki tarehe 31 Januari? Kama wako watu thelathini wa namna yake, pengo ni 1,872,000. Lazima azimio liseme linazibwa na nini. Likinyamaza, litazibwa na ushuru wa chama, ile 50 ya kila kilo, yaani na wale ambao hawakukopa, na watagundua kwenye mkutano wa mwaka unaofuata.

Hivi ndivyo ningeliandika:

"Azimio la 3. Chama kinadaiwa na benki shilingi 28,000,000 (milioni ishirini na nane). Mwisho wa kulipa ni tarehe 31 Januari. Aliyekopa atakatwa nusu ya kila malipo yake, baada ya kutoa gharama za kuuza, mpaka amalize shilingi 224,000 (laki mbili na elfu ishirini na nne). Asiyekopa hakatwi chochote kwa azimio hili. Ikifika tarehe 15 Januari mkopaji hajamaliza, wenzake wanne wa kikundi chake watagawana deni lililobaki kwa usawa, na yeye atawarudishia wao. Ushuru wa chama hautatumika kulipa deni la mkopo bila mkutano mkuu kuitwa na kukubali."

Angalia mstari wa wenzake wanne. Hapo nimechukulia kwamba wakopaji wanadhaminiana kwa vikundi vya watu watano. Anayetoroka na deni zima anawaachia kila mmoja 56,000. Huo siyo mzigo mdogo, na hauwezi kumfunga mtu kwa sababu tu mkutano uliinua mikono siku ambayo yeye alikuwa msibani. Kila mwanakikundi lazima awe ameweka sahihi au dole gumba kwenye fomu ya dhamana kabla ya kuchukua pembejeo. Muhtasari utaje kwamba fomu hizo zipo na ziko ngapi. Kama hazipo, futa mstari huo kabla ya mkutano badala ya kuupitisha ukijua hautekelezeki.

Majina ya wadaiwa usiyaweke ndani ya muhtasari unaosomwa hadharani. Weka kiambatisho chenye namba za uanachama na kiasi, kibaki ofisini, mwanachama aoneshwe mstari wake. Aibu ya kusomwa mbele ya wakwe imewafukuza watu kwenye mikutano kuliko makato yenyewe.

Michango nitaipitia haraka kwa sababu kasoro zake ni chache. Kila mchango uwe na kazi, kiasi kwa gunia, na mwisho. "Mchango wa paa la ghala letu, shilingi 20 kwa kilo, sawa na 1,600 kwa gunia, mpaka zifike shilingi 1,800,000, kisha makato yatasimama." Bila huo mwisho, mchango wa paa utaendelea kukatwa paa likiwa limeota kutu. Na jina lake liwe la peke yake. Kwenye mfano wetu utunzaji wa ghala kuu ni 1,600 kwa gunia, na mchango wa paa ni 1,600 kwa gunia. Karatasi ya malipo ikiandika "ghala 1,600" mara mbili, hutapata usingizi wiki nzima. Hisa nazo zitenganishe na mchango: hisa ni mali ya mwanachama ndani ya chama na inaandikwa kwenye daftari lake, mchango wa paa ukishatolewa umekuwa wa chama. Mwaka huu mkikubaliana kila mmoja aongeze hisa moja ya shilingi 10,000, andika pia kwamba anayelipa deni kwa nusu anaweza kuilipa msimu ujao, kama ndivyo mlivyokubaliana.

Mwisho wa maazimio haya weka azimio fupi la mpangilio: kwanza gharama za kuuza, pili deni, tatu mchango, nne hisa. Bila mpangilio, karani wa malipo atajipangia mwenyewe, na kila karani ana wake. Kisha weka hesabu ya mtu mmoja mpaka mwisho, hivi:

MFANO TU, SIYO BEI. Magunia 8, kilo 640, kwa shilingi 2,150: 1,376,000
Gharama za kuuza, 10,400 kwa gunia: toa 83,200, zinabaki 1,292,800
Deni la pembejeo: toa 224,000, zinabaki 1,068,800
Mchango wa paa, 1,600 kwa gunia: toa 12,800, zinabaki 1,056,000
Hisa moja: toa 10,000
Anapokea mkononi: 1,046,000

Weka na wa pili, wa magunia mawili, kwa mpangilio huohuo. Mifano miwili inatosha. Ukiweka mitano hakuna atakayesoma hata mmoja.

Kuhusu kura, acha "kwa kauli moja" kwenye jambo lolote linalogusa fedha, hata kama kweli hakuna aliyepinga. Hesabu mikono. "Waliohudhuria 187. Waliokubali 141, waliokataa 38, wasiopiga kura 8." Zijumlishe kabla hujafunga daftari, ziwe sawa na mahudhurio, kwa sababu watu huondoka katikati ya mkutano kwenda kuangalia mbuzi, na akidi yenu inaweza kuwa imevunjika saa nane mchana bila mtu kuona. Kama wameondoka, andika idadi iliyopo wakati wa kura hiyo, ulinganishe na akidi iliyo kwenye masharti ya chama. Wale 38 waandikie sababu yao kwa sentensi moja: "Waliokataa walisema nusu ni kubwa kwa mwenye gunia moja." Hiyo ndiyo inayowafanya waamini daftari ni la kwao pia. Mjumbe wa Bodi ambaye naye ni mkopaji aseme hivyo kabla ya azimio la mkopo, nawe uandike kwamba amesema.

Tumalizie kwenye kusoma, maana wewe unasema "nawasomea". Unawasomea lini? Kama ni mkutano unaofuata, kwenye kuthibitisha muhtasari, korosho zimeshauzwa na umechelewa. Maazimio ya fedha yasomwe siku ileile, moja moja, kila moja linapomalizika kupigiwa kura, kabla ya ajenda nyingine kufunguliwa. Soma taratibu kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine aeleze kwa Kimakonde kwa ajili ya wazee, na uandike kwamba ilielezwa na nani. Wewe mwenyewe usiwe mfasiri, maana huwezi kuandika na kujifafanua kwa wakati mmoja. Baada ya hapo usiulize "mmeelewa?" Wataitikia ndiyo kama kawaida. Chagua watu watatu, mmoja mzee, mmoja mama, mmoja kijana asiyekuwa na mkopo, uwaulize swali la fedha: "Bibi, ukileta magunia mawili na unadaiwa pembejeo, gharama za kuuza utakatwa shilingi ngapi, na deni litakatwaje?" Akijibu elfu ishirini na mia nane, kisha nusu ya kilichobaki, azimio limefika. Akisema "yote", au akikutazama tu, kosa liko kwenye sentensi yako. Ibadilishe hapohapo na uisome upya. Mabadiliko ya maneno yafanyike mbele ya watu, siyo ofisini jioni.

Kisha tengeneza karatasi moja ya kubandika ghalani, karibu na mizani, siyo ofisini kwa meneja ambako mkulima haingii. Iandikwe kwa mkono wenye herufi kubwa, iwe na maazimio tu na ile mifano miwili, hakuna salamu, hakuna "mwenyekiti alifungua mkutano saa nne". Karani wa mizani anapompa mtu stakabadhi, aielekeze kalamu kwenye karatasi hiyo. Mahudhurio, dua ya kufungua, yatokanayo na mkutano uliopita, hayo yote yabaki kwenye daftari, kwa mpangilio rasmi anaoutaka afisa ushirika. Yeye hatakataa maneno mepesi. Atakataa kukosekana kwa akidi, ukomo wa madeni, kura, tarehe, na sahihi za mwenyekiti na katibu. Na maneno ya karatasi ya ghalani yawe yaleyale ya daftarini, nukta kwa nukta. Ukiyarahisisha zaidi kwenye karatasi utakuwa na maazimio mawili, na siku ya ugomvi kila upande utashika lake.

Azimio la msimu uliopita ambalo sasa linalalamikiwa usiliguse. Usipake wino mweupe, usichomoe ukurasa, usiongeze namba pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine ukidhani unafafanua. Lilete kwenye mkutano ujao chini ya yatokanayo, usome lilivyo, kisha Bodi ionyeshe kwa gunia kiasi kilichokatwa, na mkutano uamue kama unakiridhia au kuna cha kurudishwa, kwa kura iliyohesabiwa. Uamuzi huo unaandikwa kwenye muhtasari mpya, kwa tarehe mpya, ukitaja namba ya ukurasa wa zamani. Kama kuna cha kurudisha, andika ni kutoka fungu gani na kwa tarehe gani, la sivyo mwakani utaniandikia tena.